Risiti ya Dawa ya Kupe

Ledama aliingia dukani akihema, shuka limemponyoka begani, mkononi kashika kikaratasi cheusi tititi.

"Mama, soma hapa. Haraka!"

Eliakunda alikuwa akiuza pembejeo na dawa za mifugo pale Same mjini mwaka wa saba sasa, na risiti zake alizijua. Karatasi zile hazitumii wino. Kinachoziandika ni joto la printa, na joto hilohilo likizidi huzichoma zote zikawa nyeusi.

"Imefanywaje hii?"

"Mke wangu Naisiae aliweka birika la chai juu yake. Mama, Nailantei amekunywa ile dawa ya kupe. Alidhani maji."

Nailantei alikuwa binti yake wa miaka minne. Alikuwa hospitalini hapo mjini, povu mdomoni, pumzi zinakatika. Daktari alikuwa ameanza kumhudumia, lakini alitaka kujua ni dawa gani hasa.

Eliakunda alijua kwa nini. Mtoto alidhani maji kwa sababu chupa ilikuwa ya maji. Na aliyeimimina dawa humo, bila lebo, ni yeye mwenyewe, kwa kuwa Ledama aliomba nusu lita. Wiki ile alikuwa amepimia watu dawa za aina mbili, zote nyeupe zikishachanganywa na maji, zote za kupe, lakini sumu zake hazifanani, wala tiba zake.

"Chupa iko wapi?"

"Naisiae aliitupa motoni kwa hasira."

Aliifungua programu ya duka kwenye simu. Orodha ya mauzo ikaja. Wateja wa gulio hakuwaandika majina; wote walisomeka "Mteja". Nusu lita, nusu lita, nusu lita. Tano zilikuwa za dawa moja, nne za nyingine.

"Ulinunua siku gani?"

"Siku ya gulio. Mchana. Au asubuhi, sijui! Nilikuja na mbuzi."

"Fikiri, baba. Nilikupa nini kingine? Nilisema nini?"

Ledama alijishika kichwa. Akalia waziwazi, mwanamume mzima, mbele ya mifuko ya mbegu. Kisha akainua uso ghafla.

"Karatasi ilitoka tupu," alisema. "Ulikasirika. Ukafungua kile kimashine, ukageuza karatasi, ukatoa nyingine."

Eliakunda akakumbuka. Rola ya karatasi alikuwa ameipachika kinyume, na upande usiopakwa kemikali ya joto hauandikiki hata ufanyeje. Alishuka kwenye orodha akisoma mstari mmoja mmoja. Saa sita na dakika kumi na mbili: *Imechapishwa mara 2.* Hakukuwa na mauzo mengine siku ile yaliyochapishwa mara mbili. Jina la dawa lilikuwa pale, na chini yake: *nusu lita, ya kupimia.*

Alibonyeza kuchapisha. Simu ikatafuta printa, ikazunguka, ikasema haijaunganishwa. Chaji ya printa ilikuwa imeisha. Basi akabonyeza "Shiriki", akachagua PDF. Ilikuwa tayari mara moja. Ledama alikuwa na namba ya Daktari Zebedayo, aliyekuwa akimhudumia mtoto, kwenye kipande cha boksi.

Hapo kidole kikasita. Jirani na "Shiriki" palikuwa na "Hariri". Maneno "ya kupimia" yangeweza kufutika, pakaandikwa "chupa yenye lakiri", na nani angebisha? Kupimia dawa kulikatazwa: leseni, duka, ada ya wanawe. Vyote vilimpita machoni.

"Mama, unangoja nini?"

Akaituma ilivyo. Akalichukua boksi la dawa ileile rafuni, akapiga picha jina la kemikali yake na maelekezo ya kutibu sumu yake, akayatuma pia. Kisha akapiga simu.

"Nimeiona," Daktari Zebedayo alisema. "Una uhakika ni hii?"

"Nina uhakika, daktari. Na chupa niliijaza mimi."

"Hilo baadaye." Simu ikakatika.

Walikwenda hospitali kwa bodaboda moja. Kwenye benchi Naisiae hakumtazama. Eliakunda alikaa sakafuni, akawaambia wote wawili kosa lilikuwa lake, wala hakuomba wamsamehe. Ledama alisikiliza akiuma meno. 

Alasiri muuguzi alitoka akasema mtoto anapumua vizuri zaidi, ila bado ni mapema kusema lolote. Siku ya tatu Nailantei aliomba maziwa. Siku ya nne mkaguzi wa dawa alikuja na nakala ya PDF ileile mkononi, akaifunga milango ya duka. Eliakunda alimkabidhi funguo bila kubishana.

Nailantei aliporuhusiwa, Naisiae alipita mbele ya Eliakunda langoni mwa hospitali, mtoto mgongoni. Alisimama kidogo, akamfunika Nailantei jua kwa khanga, akaendelea na safari yake.