Sahani ya Zornitsa

Zornitsa alikuwa na jambo moja la kujivunia mbele ya wenzake wa kazini: nyumbani kwake chakula hakitupwi. Kinakoishia hakukutaja. Lakini aliyemwona akishuka ngazi za stesheni ya mji wa Gorna Oryahovitsa jioni, mkono umeng'ang'ania chuma na goti la kushoto linaugomea uzito wake, hakuhitaji kuambiwa.

Kutwa nzima alikaa dirishani akikata tiketi za treni. Jioni alikimbilia nyumbani kwa Kalina, binti yake wa miaka tisa, na Boyan wa miaka minne. Mumewe Plamen aliendesha lori la masafa marefu; akirudi anakula, analala, anaondoka, kama mgeni mwenye funguo. Ghorofa ya chini aliishi mama mkwe, Penka, na kuku wake uani, na maoni yake juu ya kila kitu.

Mezani Zornitsa alitenga sahani mbili, za watoto. Yeye hakuwa na sahani. Alisimama kati ya jiko na karai, akichota huku, akipangusa kule, akiokota uma uliodondoka. Watoto wakiinuka ndipo alipokula, wima, kwa vidole: ukoko wa mkate wenye jibini, viazi vitatu vilivyopoa, nusu ya kababu, na uji wa Boyan ambao mtu mwingine yeyote mwenye akili timamu asingeugusa. Akimaliza anaosha vyombo na kujiambia kwamba leo hakula kitu. Na hakuwa anadanganya, maana aliamini hivyo kabisa.

Majibu ya damu ndiyo yaliyomtoa usingizini. Sukari ya asubuhi, kabla hajatia kitu mdomoni, ilikuwa sita nukta nne. Daktari wa familia alimweleza kwamba bado si ugonjwa wa kisukari, ila yuko mlangoni pake, na akipunguza kilo sita hivi kati ya themanini na nane zake, anaweza kurudi nyuma. Vipimo vingerudiwa baada ya miezi mitatu. Baba yake Zornitsa alipofushwa na sukari. Yeye mwenyewe alimshika mkono kumpeleka chooni hadi mwaka alipomzika. Akilini alimwona Kalina akimshika yeye hivyo hivyo, akaogopa kweli.

Siku hizo alikuwa ameshajaribu mengi. Wiki ya supu ya kabichi. Wiki bila mkate, ambayo iliishia Jumatano. Mwezi wa kutokula usiku, na kila usiku kopo la biskuti likimwita kwa jina. Kwa hiyo alipoingia kwa mtaalamu wa lishe, Bi Dragneva, mwanamke mkavu mwenye miwani shingoni, alijua atakachoambiwa.

"Niambie ulichokula jana," alisema Bi Dragneva.

"Asubuhi kahawa tu. Mchana sikupata nafasi, foleni ilikuwa ndefu. Jioni saladi kidogo."

"Jioni nani aliosha vyombo?"

Zornitsa akamtazama. "Mimi. Nani mwingine?"

"Na vyombo vilikuwa vimebaki na nini?"

Hapo mama wa watu akaanza kujiumauma. Mkate wa siagi, sema nusu. Tambi za Boyan, si nyingi. Kababu ya Kalina. Mtindi mtamu uliobaki chini ya kikombe. Banitsa moja, ile pai ya jibini na siagi, lakini ilikuwa imevunjika. Bi Dragneva hakucheka, na hilo Zornitsa alilishukuru moyoni.

"Kuvunjika hakuipunguzii siagi, dada yangu," alisema. "Hicho ni chakula cha jioni cha mtu mzima na nusu. Shida si kwamba huna msimamo. Unashinda na njaa, halafu unafika mezani saa ambayo hata kuta zingelika. Mwenye njaa hivyo hapangi, anafagia."

"Basi nisile mkate tena."

"Kula. Nani atakaa bila mkate katika nchi hii? Kipande kimoja, uketi nacho."

Aliyompa hayakuwa maajabu. Asubuhi yai na nyanya na kipande cha mkate mweusi, au mtindi usio na sukari na tufaha, kabla ya kahawa ya pili. Mchana kopo la kile kilichopikwa jana, dengu au maharage au kuku na mboga, kuliwa hata kwa dakika kumi lakini mbali na dirisha la tiketi. Alasiri tunda na karanga kiganja kimoja, ili asifike nyumbani na njaa ya mbwa mwitu. Jioni sufuria ile ile ya watoto, nusu ya sahani yake iwe mboga, robo nyama au samaki au maharage, robo mkate au viazi. Banitsa ya Jumapili, kipande kimoja, bila kuomba radhi. Mizani mara moja kwa wiki, na nusu kilo ikitoka ni sherehe.

"Watoto uwapakulie kidogo, wakitaka waongeze," alimalizia. "Kikibaki, kiingie koponi na kifuniko kabla hujashika sifongo. Na wewe utenge sahani. Sahani ya kwako, na kiti."

Kiti ndicho kilichomtoa jasho. Jioni ya kwanza aliketi, akainuka kuchukua chumvi, akaketi, akainuka kumpangusa Boyan pua. Boyan alimkodolea macho na kuuliza, "Mama, unaumwa?" Kalina alikuwa akiitazama sahani ya mama yake, matango mengi, kipande kimoja cha mkate, kababu moja.

Hata hivyo mambo yakaenda. Wenzake kazini walimtania walipoona kopo la dengu, wakamwita bibi afya, kisha mmoja akaomba aonje. Wiki ya tatu mizani ikasoma kilo moja na nusu chini. Zornitsa alitoka bafuni akiimba, na siku hiyo stesheni goti likamsamehe ngazi mbili tatu.

Halafu mizani ikakwama, tena ikaanza kupanda. Kisa chake alikijua. Sahani za watoto zilikuwa zikirudi na vitu vingi kuliko zamani, na si makombo ya kutafunwatafunwa. Nusu ya kababu nzuri. Paja la kuku lisiloguswa. Angevitia koponi, lakini makopo yalikuwa yamejaa, na vitu vyenyewe vilikuwa vya moto, vinanukia. Jioni moja akajiambia kidogo tu, akala. Jioni ya pili akala bila kujiambia hata hilo.

Penka alipanda siku moja na mayai, akaiona sahani ya Kalina.

"Unaona?" alisema. "Mtoto amebaki uzi. Hiyo lishe yako ya mjini imeingia mpaka kwa watoto. Tonge la mwisho ndilo lenye nguvu za mtu, na huyu analiacha kila siku."

"Mama, mimi sijawakataza kula. Napakua, hawamalizi."

"Zamani walimaliza."

"Zamani nilimaliza mimi."

Penka akaweka mayai mezani. Kwa sauti ya chini zaidi akasema, "Basi muulize mtoto. Mimi akinijia huko chini anakula mkate kama mwashi. Nikadhani ni mapenzi kwa bibi yake."

Maneno hayo yalimwasha Zornitsa. Kumbe anakula kwa bibi, kwake anachezea chakula. Na yeye hapa anahangaika, vipimo vinakaribia, kisukari kinampigia hodi, na adui yake yuko hapo hapo mezani na mikia miwili ya nywele. Si haki kumwita mtoto adui, lakini mtu mwenye njaa na hofu hachagui maneno hata kichwani.

Kesho yake jioni alipika kababu na viazi. Boyan alimaliza, akakimbilia katuni. Kalina alichukua kisu, akakata kababu yake ya pili katikati, taratibu, akaisogeza nusu moja ukingoni mwa sahani pamoja na kiazi kikubwa kuliko vyote. Kisha akaweka uma chini.

"Umeshiba?" aliuliza Zornitsa.

"Ndiyo."

"Kalina, nitazame. Kila siku unaniachia chakula kizuri hapo. Unajua daktari ameniambia nini. Unajua kwamba nikikiona nakila. Unanifanyia kusudi?"

Mtoto akainamisha kichwa. "Ndiyo."

Zornitsa alikuwa amejiandaa kwa kukana, hakujiandaa kwa hilo. "Kwa nini?"

"Hicho ni chako."

"Changu vipi? Changu si hiki hapa?"

"Hicho ni matango," alisema Kalina. "Zamani hukuwa na sahani hata moja. Ulikuwa unakula kile tunachoacha tu. Mimi nikawa nakuachia. Tangu nikiwa chekechea nakuachia. Boyan alikuwa anaacha vilivyotemewa mate, kwa hiyo mimi nilikuwa naacha vizuri. Sasa umejitengea kidogo hivyo, nikajua chakula hakitoshi. Nikaongeza."

Zornitsa alitaka kusema chakula kipo, sufuria hiyo hapo, fungua uone. Alitaka kucheka pia, maana miaka yote amejiona mama anayejinyima, kumbe mezani walikuwa wawili wa kujinyima na mmoja kati yao ana miaka tisa. Machozi yakamtangulia.

Aliinuka, akaleta sufuria, akaiweka mbele ya binti yake na kuifunua. Kababu sita zilikuwa bado ndani.

"Chakula kipo, mwanangu. Kimekuwapo siku zote. Mimi nimejitengea hiki kwa sababu kinanitosha. Nakula na mchana sasa, na asubuhi. Ona." Akachoma kababu yake kwa uma, akala, akala na tango, akapangusa sahani kwa mkate mpaka ikang'aa. Kalina alifuata kila tonge kwa macho, kama mtu anayehesabu.

"Umeshiba kweli?"

"Nimeshiba."

Zornitsa akaichukua ile nusu ya kababu ukingoni. Harufu yake ilimpanda puani, na mkono ulijua njia ya mdomoni kuliko njia nyingine yoyote. Akairudisha katikati ya sahani ya binti yake, na kiazi juu yake.

"Hii si yangu," alisema. "Nguvu zako hizo. Kula ukitaka, ukishiba acha, nitaitia koponi."

Kalina alimtazama mara moja zaidi kuhakikisha. Kisha akainama akala. Alikula ile nusu kwa matonge mawili, akala kiazi, akaingiza uma kwenye sufuria akatoa kababu nyingine nzima, akaimaliza, akanyoosha mkono kwenye mkate bila kuinua kichwa. Zornitsa aliketi kwenye kiti chake akimtazama mtoto wake anavyokula, na akaelewa ni njaa ya miaka mingapi.