Elfu Mbili za Kwenye Karatasi

Nilikwenda kwa Dwight, afisa utumishi wa kiwanda chetu cha vioo hapa Toledo, Marekani, kudai nyongeza ya mshahara. Akanisukumia karatasi.

“Marcy, acha kulia njaa. Kwa mwaka, mshahara elfu hamsini, bima ya afya tunayokulipia elfu kumi na nne, mchango wetu wa pensheni elfu mbili. Jumla dola elfu sitini na sita!”

“Bima nakubali. Ningeinunua mwenyewe, ingenitoa roho. Ila hizo elfu mbili mmezitia wapi?”

“Kwenye akaunti yako ya pensheni. Ukiweka asilimia nne ya mshahara, nasi tunaweka kiasi hichohicho.”

“Mimi mwaka mzima sijaweka hata senti.”

Dwight akatazama kompyuta, akakohoa. “Basi nasi hatujaweka kitu. Lakini hilo kosa lako, dada!”

“Langu, sawa. Kunihesabia pesa msizonipa ni lenu. Nikate asilimia nne, kuanzia mshahara ujao.”

Akabofya, uso umemshuka.

Nikavuta kiti, nikakaa. “Haya, sasa karatasi yako itasema kweli. Tuje kwenye nyongeza.”