Harufu ya Jikoni kwa Dada

Fundi cherehani alirithi raiskuka, ile sufuria ya umeme ya kupikia wali, ya dada yake, na dada mwenyewe bado yu hai. Alikuwa amehamia mji wa mbali kulea wajukuu, akamwachia ufunguo wa chumba na vyombo alivyoshindwa kubeba.

Wali wa kwanza haukulika. Ulinuka samaki wa zamani, vitunguu na kitu kilichochacha, na chini ulishika ukoko mweusi. Fundi akamwaga, akaapa kuisafisha ile raiskuka mpaka ishike adabu.

Alichomoa waya, akasubiri ipoe. Akaitoa sufuria ya ndani, akajaza maji ya moto na sabuni, akaiacha iloweke alipokuwa akipinda sketi ya mteja. Aliporudi, ukoko ulikuwa umevimba. Akausukuma kwa mwiko wa mbao, maana chuma kingechubua ile rangi isiyoshika chakula. Ukabanduka tabaka kwa tabaka, kama rangi ya ukuta mkuukuu. Kwenye bamba la kupashia moto, chini kabisa, kulikuwa na punje zilizoungua. Hapo hakutia maji. Alibandua kwa ukucha, akapangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri.

Harufu bado ilikuwapo. Akageuza kifuniko, akavuta mpira wa ukingoni. Ulitoka mzima, ukiwa na utelezi wa kijivu kwa nyuma. Ndani ya ule uvundo mlikuwa na jikoni kwa dada, mchana wa Jumapili, sauti za nyumba nzima zikigombea bakuli moja.

Alikaa na ule mpira mkononi. Kisha akautumbukiza kwenye maji ya vuguvugu na limau, akachukua mswaki wa zamani, akausugua pamoja na kile kitundu cha kifuniko cha kutolea mvuke.

Akampigia dada.

“Dada, ule mpira wa kifuniko uliwahi kuuosha?”

“Mpira gani?”

“Unaozunguka kifuniko. Unatoka.”

“Unatoka? Wee! Miaka yote hiyo?” Dada akacheka mpaka akakohoa. “Ndiyo maana shemeji yako alikuwa anasema wali wangu una siri.”

Fundi naye akacheka, akitamani kicheko kirefuke. Alitaka kusema kwamba tangu dada aondoke, yeye hajaketi kula na mtu. Akaanza, “Dada, mimi huku…”

“Subiri, mdogo wangu, huyu mtoto analia. Nitakupigia.”

Simu ikakatika.

Alikausha kila kipande, akarudisha mpira mahali pake, akapika kikombe kimoja cha mchele. Mvuke ulitoka safi. Wali ulikuwa mweupe, haukunuka chochote, na haukushika chini. Akala kando ya cherehani, simu ikiwa karibu na sahani. Haikulia. Alipomaliza, aliosha sufuria kabla haijakauka, akaacha kifuniko wazi kipate hewa, akarudi kwenye sketi ya mteja.