Kifurushi Kimoja kwa Watatu

Lilikuwa tangazo la kwanza la mwandishi mpya tangu aajiriwe kuandika matangazo katika duka la uchapishaji. Aliandika, akafuta, akaandika tena: “Msimu wa harusi umebisha hodi! Kifurushi kimoja kwa wapishi, wapiga picha na wapambaji: kadi za biashara mia tano, bango moja na vibandiko. Ofa inaisha mwisho wa mwezi.” Bosi alilisoma akiwa amesimama, akasema, “Tuma.” Likatumwa kwa simu za wateja wote.

Siku ya tatu waliingia watu watatu: mpishi, mpambaji na mpiga picha. Wale wanawake wawili, mpishi na mpambaji, walisimama kila mmoja upande wake wa meza, hawatazamani.

“Tumefuata kifurushi chetu,” alisema mpiga picha.

“Chenu?” Bosi alicheka. “Kila mtu na chake, ndugu yangu.”

“Tangazo limesema kimoja. Mpishi huyu, mpambaji huyu, na mimi hapa.”

Bosi alipotikisa kichwa, mpiga picha alimvuta mwandishi pembeni. “Hawa ni tumbo moja,” alinong’ona. “Hawajasemezana tangu msiba wa mama yao, mwaka wa pili huu. Nimemwambia kila mmoja hapati ofa bila mwenzake. Usiniangushe, dada.”

Mwandishi alilisoma tena tangazo lake. Kazi yenyewe hata mwezi haujaisha. Lakini sentensi ilikuwa yake.

“Bosi, kosa ni langu. Nilivyoandika, hata mimi ningeelewa kama wao. Tuwape kama ilivyosomeka.”

Bosi alijikuna kichwa. “Bango moja, majina matatu?”

“Na kadi tuwagawie.”

“Haya. Ila hiyo sentensi irekebishwe leo leo, kabla hawajaja wengine.”

Mwandishi akawavutia viti mbele ya kompyuta. “Jina la nani lianze juu?”

Mpiga picha akajifanya anafuta kamera.

“Mwandike yeye,” mpambaji alisema hatimaye. “Yeye ndiye mkubwa.”

Mpishi aliinamia mkoba wake muda mrefu, kama aliyepoteza kitu humo. Kisha akainua uso. “Usiandike jina langu peke yake. Andika: chakula na mapambo, dada na mdogo wake.”

Mpambaji alijifuta macho kwa ncha ya mtandio.

“Na mimi je?” aliuliza mpiga picha.

“Wewe kaa chini kabisa,” mpishi alimjibu. “Si umezoea kuchuchumaa?”

Hata bosi alicheka.

Walipoondoka, mwandishi alituma tangazo jipya: “Mpishi, mpiga picha, mpambaji: kila mmoja kifurushi chake. Mkiamua kuja watatu na kuchukua kimoja, majina yenu yote yatakaa kwenye bango moja.” Nje, dirishani, aliwaona wale ndugu bado wamesimama kando ya barabara, wanaongea wote kwa pamoja, hakuna anayemsubiri mwenzake amalize.