Tai Juu ya Mkanda

Constantin hakuwa na suti. Tuanze hapo, maana yeye mwenyewe angependa tuanze kwingine: tuanze na utumishi wake kama mwenyekiti wa wakimbizi kijijini kwao Nakivale, tuanze na jinsi anavyopeana mikono na wageni wa mashirika. Hapana. Suti hakuwa nayo. Alikuwa na jezi ya mpira ya rangi ya chungwa, na tumbo ndani yake, na picha aliyopigwa siku alipopewa lifti katika gari la shirika fulani. Ameketi kiti cha mbele, mkanda wa usalama umemkatiza kifua kutoka bega la kushoto hadi nyonga ya kulia, uso umevimba kwa raha kana kwamba gari lile amelizaa yeye.

Picha hiyo aliipeleka mjini Mbarara, mtaa wa Kakoba, kwenye studio ya Kantengwa, akaiweka mezani mbele ya binti aliyekaa kwenye kompyuta.

"Mutoto," alisema, "munivalishe suti. Nyeusi. Na tai nyekundu. Ni ya kura."

Binti huyo alikuwa Nathalie, mtoto wa Perpétue, mzaliwa wa Kivu ya Kusini, aliyelelewa mita chache kutoka kwa Constantin. Constantin hakumtambua. Watu wa namna ile wana macho ya kuona kilicho juu yao tu. Nathalie alimtambua kabla hajamaliza kupita mlangoni. Alikumbuka blanketi zilizoandikiwa wajane zikakutwa sokoni. Alikumbuka pia maneno ya mwezi uliopita, yaliyosemwa mbele ya watu bila aibu: kwamba kura ikipita, shamba la Perpétue la kando ya barabara "litapangwa upya", kwa sababu fasi, mahali pazuri kama pale, hapafai kupandwa maharage. Kupangwa upya, kwa lugha ya Constantin, maana yake ni vibanda vyake vitatu vya duka. Mama yake hakuwa na shamba jingine.

"Na gari libaki?" Nathalie aliuliza.

"Gari njo bintu yote. Batu baone niko mu gari."

"Basi mukaba utabaki." Nathalie aligusa mkanda wa usalama pichani.

"Ubaki. Mutu mukubwa anafunga mukaba."

Akaondoka kwenda kutafuta chai. Nathalie akarudi kwanza kwenye kazi aliyokuwa nayo, picha ya msichana wa Biharwe mwenye rasta ndefu hadi kiunoni na sakoshi, mkoba mdogo, iliyoning'inia ubavuni. Fulana yake nyekundu ilitakiwa iwe blauzi nyeupe ya msimamizi wa harusi. Hapo ndipo wapiga picha wengi wa mjini huumbuka. Wao hubandika blauzi juu ya kila kitu. Rasta zinakatika begani kama zimepitiwa na panga, ugwe wa sakoshi unamezwa na kitambaa, na sakoshi yenyewe inabaki inaelea hewani kama ya mchawi. Kisha wanasema kosa ni la kompyuta.

Nathalie hakufanya hivyo. Rasta alizikata kutoka picha ya asili, akaziweka katika tabaka lake, mithili ya karatasi angavu, juu. Ugwe wa sakoshi nao akauweka katika tabaka lake, chini ya rasta, maana ndivyo msichana alivyokuwa amevaa. Blauzi ikaingia chini ya vyote viwili. Halafu ikaja kazi ya wenye subira: kila upenyo kati ya rasta na rasta, ambamo fulana nyekundu ilikuwa bado inachungulia, ukapakwa weupe wa blauzi, na wekundu ulioshika kingo za nywele ukafifishwa kidogo kidogo, bila kuifanya nywele yenyewe ionekane ya majivu.

"Wewe nyabo, unapoteza siku," Kantengwa alisema kutoka kaunta. Alikuwa Mnyankore mpana wa mabega, aliyejifunza Kiswahili chake kwa mume mwanajeshi. "Kastoma hapana angalia huko ndani."

"Mi naangalia."

"Haya. Angalia. Lakini huyu mzee wa jezi anataka mapema."

Akafungua picha ya Constantin. Ikajaa kioo chote, na Nathalie akaketi akiitazama kama mtu anayetazama mende kwenye unga. Wazo likaja, halikuhitaji kuitwa. Ampachike kichwa vibaya, shingo iwe ndefu kama ya korongo. Amwache na kipande cha jezi chini ya kidevu. Nani angejua? Lakini kulikuwa na jambo moja alilolidharau kuliko Constantin, nalo ni kazi mbovu, na hakuona kwa nini mpumbavu yule amshushe hadi huko.

Basi akafanya. Akachora ukingo wa mkanda pande zote mbili kwa kalamu ya njia, chombo cha kompyuta cha kufuata kingo, akaunyanyua peke yake ukawa tabaka la juu kabisa. Akachagua suti ya mtu aliyegeuka upande uleule, ili mabega yasigombane. Suti chini ya mkanda, tai juu ya shati, mkanda juu ya vyote. Lakini hapo bado ni karatasi juu ya karatasi. Mkanda wa kweli hubonyeza. Akaipinda kola ya koti pale mkanda unapopita, akaongeza mikunjo midogo inayokimbilia mkanda kutoka pande mbili, akapaka kivuli chembamba chini ya ukingo wake, upande ambao mwanga wa dirisha haufiki. Mkanda ulikuwa wa kijivu, lakini jezi ilikuwa imeutupia uchungwa wake, akauondoa. Tai ikateremka kutoka kooni, ikazama chini ya mkanda, ikatokeza upande wa pili, kama tai ya mtu yeyote aliyefunga mkanda.

Ukimwona, ungemwamini. Hilo ndilo lililomchoma Nathalie. Alikuwa amemtengenezea mwizi uso wa waziri.

Constantin aliporudi, akainamia kioo, akainuka amenuna.

"Tai yangu iko wapi?"

"Ile pale."

"Hapa katikati imekatika."

"Haijakatika. Imepita chini ya mukaba."

"Mi sikuomba tai ipite chini. Tai nyekundu njo alama yangu. Kila mutu akipita barabarani aione yote, toka juu mpaka chini."

Nathalie akamtazama kwa mara ya kwanza usoni. "Mukaba unafungwa juu ya nguo, papa. Tai ikikaa juu ya mukaba, itaonekana mukaba umepita ndani ya suti."

"We unanifundisha mukaba? Ulisha panda gari gani, we mutoto?" Akamgeukia Kantengwa. "Madame, huyu anafanya kazi ao anahubiri?"

"Nathalie," Kantengwa akasema bila kuinua macho, "yule ni kastoma. Weka tai juu."

Nathalie akaishika tai kwa kipanya, akaivuta juu ya mkanda katika orodha ya matabaka. Haikuchukua muda wa kupiga chafya. Tai ikaanguka kifuani nzima, nyekundu, ikiupita mkanda juu kama mto uliofurika unavyopita juu ya daraja.

"Njo hivyo," Constantin alisema. "Umeona? Kitu kirahisi hivi."

"Nimeona," Nathalie alisema, akachapa.

Mabango yakabandikwa Nakivale, kwenye milango ya maduka, kwenye miti, kwenye tangi la maji. Siku ya kwanza watu walisimama wakavutiwa. Tusidanganyane, umaskini huheshimu suti. Siku ya pili akapita Pacifique, dereva wa lori la mahindi, mtu ambaye mkanda ameuvaa kuliko shati. Akasimama, akainamisha kichwa kushoto, akakiinamisha kulia.

"Huyu muheshimiwa," aliuliza waliokuwa wanachota maji, "alifunga mukaba kwanza, halafu akavaa tai, ao tai iliota ku mukaba?"

"Labda ile gari ilimukuta analala," mwanamke mmoja akajibu. "Bakamufunga, bakamuvalisha."

Kufikia jioni yalikuwa yamekuwa maneno ya njiani. Mtoto akikataa kuoga anaambiwa atafungwa mkanda wa Constantin. Lakini yalikuwa maneno ya kuchekea, na mtu anayechekwa bado huchaguliwa, wangapi tunawajua. Perpétue alimpigia binti yake simu, akamwambia watu wanacheka ila mstari wa watakaojipanga nyuma ya Constantin utakuwa mrefu, amekwisha kuahidi mabati ya kuezekea. Nathalie hakulala vizuri.

Kesho yake Constantin akaingia studio bila salamu, na bango limekunjwa kwapani.

"Umeniharibia."

"Nilifanya ulichosema."

"Ulifanya uongo. Mukaba unapita juu. Kila mutu anajua mukaba unapita juu."

Kantengwa akakohoa. Nathalie akaifungua tena picha. Alimwuliza kwa heshima kama anataka irekebishwe.

"Rekebisha. Leo."

Akaivuta tai ikarudi chini. Yote aliyoyatengeneza yalikuwa bado yanangoja pale: mikunjo, kivuli, kola iliyobonyea. Picha ikawa kamilifu tena. Hakupunguza kitu, hakuongeza kitu. Constantin akachukua mabango mapya, na vijana wake, wavivu kama bwana wao, badala ya kubandua yale ya kwanza yaliyoshikamana na ukuta kwa gundi ya unga wa muhogo, wakabandika mapya pembeni yake.

Sasa yalikuwa mawili, bega kwa bega, kila mahali. Gari lilelile, uso uleule, tabasamu lilelile mpaka kwenye jino. Kushoto tai iko nje ya mkanda. Kulia iko ndani.

Picha moja unaweza kubishana nayo. Picha mbili hazibishani, zinashitakiana. Pacifique hakuhitaji kusema mengi. Alisimama kwenye tangi la maji, akaelekeza kidole hapa, akaelekeza pale.

"Mukaba hautembei," alisema. "Kama picha ni moja, nani aliusogeza? Kumbe suti ni ya kuchora."

Mwanamke yule wa kwanza hakucheka safari hii. "Na kama suti ni ya kuchora," alisema, "mabati je?"

Swali hilo lilitembea kuliko bango lolote. Lilifika mpaka kwa wale waliokuwa wamekwisha kupima mapaa yao. Constantin alizunguka akieleza kwamba gari lilikuwa la kweli, gari alipanda kweli, na kila alipoeleza hivyo watu walizidi kutambua kwamba alikuwa akilitetea gari tu.

Siku ya kura watu walijipanga nyuma ya wagombea uwanjani. Nyuma ya Constantin walisimama mkewe, shemeji zake, na vijana wa mabango, ambao mmoja wao alikuwa akiutazama mstari wa mpinzani wake, Byamungu, mfuga mbuzi asiye na bango hata moja, jinsi unavyopinda kona na kuendelea. Byamungu si malaika. Lakini hakuwahi kulipigia hesabu shamba la mtu.

Perpétue alipotoka kwenye mstari, jembe begani, Constantin, aliyekuwa amekwisha kuambiwa binti wa studio ni wa nani, akamzuia njia.

"Mama Nathalie. Mutoto wako ameniua."

"Mutoto wangu alikutengenezea mara mbili," Perpétue alisema. "Batu bengine banatengenezewa mara moja, banatosheka."

Akampita, akaelekea barabarani. Maharage yalikuwa yamezidiwa na magugu, na palizi ilikuwa imekwisha kuchelewa.