Kisu cha Bibi Duha na Njia ya Malindi

Mstari wa kwanza ulikwisha kuchorwa, kutoka Mombasa hadi Malindi, na Nabiha alikuwa amepiga magoti sakafuni akitafuta kitu kilichonyooka cha kuchorea wa pili. Rula aliikalia jana kwenye tuktuk, ikavunjika vipande vitatu. Akakichukua kisu alichokuwa akichongea penseli, akakilaza juu ya karatasi.

"Hicho ni kisu changu cha vitunguu," alisema Bibi Duha kutoka jikoni, bila hata kugeuka.

"Leo ni upepo, Bibi."

Bibi akaja kutazama. Alikuwa na desturi ya kukagua kila kitu kilichofanyika nyumbani mwake, hapo Mji wa Kale, hata kile asichokielewa.

"Nieleze basi. Huko juu kuna njia gani ya kuchorwa?"

"Mstari huu ndiko nitakako kwenda," alisema Nabiha. "Ndege yangu yaenda maili mia kwa saa. Lakini hewa yenyewe nayo yatembea, na ndege imo ndani yake. Leo upepo watoka kusini mashariki, maili ishirini kwa saa. Nikielekeza pua Malindi sawasawa, utanisukuma bara njia nzima, nami najiona naenda sawa."

"Kama kumfuata jirani yetu Firoza sokoni. Wamshika mkono kwenda kwa muuza samaki, wajikuta kwa muuza vitambaa."

"Ndivyo. Kwa hiyo nachora mshale wa upepo hapa mwanzoni, urefu wa maili ishirini, kuelekea kule unakokwenda. Kisha naweka bikari kwenye ncha ya mshale, naifungua maili mia, naikata njia yangu. Mstari wa kutoka ncha ya mshale hadi pale bikari ilipokata ndio wanipa upande wa kuelekeza pua. Pembetatu, basi."

Kisu kilikuwa kimelala vizuri, ncha yake imeelekea bara kule upepo unakovuma. Nabiha akainua penseli. Mlango ukabishwa.

Alikuwa Bi Firoza, jirani wa ng'ambo ya kichochoro, na bakuli la mbaazi na mahamri yanayotoa mvuke. Nabiha akaenda kumfungulia, akamwamkia, akaulizwa hali ya nyumba, ya kazi na ya mama yake aliye Dubai, akazijibu zote, kisha akaenda kumtilia chai. Aliporudi, mgeni alikuwa ameshaketi kwenye zulia, upande wa bara wa karatasi, akila hamri.

Nabiha akapiga magoti, akapitisha penseli kandokando ya kisu, akaweka kichwa cha mshale penye ncha. Ncha ilielekea digrii mia na hamsini. Alitazama simu yake: upepo, mia na hamsini. Namba zilikubaliana. Akafurahi, akafungua bikari, akaikata njia, akasoma jibu. Njia ya Malindi ni digrii thelathini na mbili; pua igeuzwe kumi kushoto, ielekee ishirini na mbili.

"Leo Kapteni Kenneth akiridhika, atanitia saini niende Malindi peke yangu," alimwambia Bi Firoza. "Shangazi Jana yuko darini kwake huko Malindi, ana shuka jekundu la kunipungia."

"Shuka jekundu!" alisema Bi Firoza. "Si ng'ombe wewe."

Saa tatu walikuwa angani. Kapteni Kenneth, mwalimu wake, alikuwa mtu mkubwa wa mwili na mchache wa maneno. Alikaa kulia amekunja mikono, kama abiria aliyelipa nauli. Nabiha aliishika ishirini na mbili bila kutetereka. Mkono ulikuwa mtulivu, injini ilivuma vizuri, na kwa dakika chache alijiona anastahili saini mbili.

Kisha bahari ikaanza kuondoka.

Mwanzo ilikuwa hapo karibu, chini ya bawa la kulia, nyeupe kwenye mwamba. Halafu ikawa ukanda wa buluu. Halafu ikawa uzi.

"Mandhari nzuri," alisema Kapteni.

"Ndiyo, Kapteni."

"Wale ni mbuzi?"

Nabiha akachungulia. Walikuwa mbuzi, wengi, na mtu mmoja aliyeinua kichwa kuwatazama.

"Ni mbuzi, Kapteni."

"Sikujua Malindi wanafuga mbuzi katikati ya msitu."

Nabiha alitazama dira: ishirini na mbili. Alitazama karatasi pajani: ishirini na mbili. Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa Kenya.

"Sikupi jibu," alisema Kapteni. "Lakini yule bwana anayechoma makaa pale mbele amekuandikia."

Moshi ulipanda kutoka kwenye vichaka, haukusimama, ukalala kuelekea kushoto. Ulitoka upande wa bahari ukienda bara. Nabiha aliutazama moshi, akaitazama karatasi. Mshale wake ulienda kinyume kabisa, kutoka bara kuelekea baharini.

"Upepo watoka kulia," alisema taratibu, "nami nimegeuza pua kushoto. Nimeusaidia kunisukuma!"

"Umeusaidia sana. Ulikuwa karibu kukushukuru."

"Mia na hamsini ni kule unakotoka. Mimi nimeuchora unakwenda huko."

"Sasa?"

"Kumi zile zile, lakini kulia kwa thelathini na mbili. Arobaini na mbili. Ila kwanza nirudi kwenye njia yangu."

Aligeuza kulia kwa nguvu zaidi mpaka ghuba ya Kilifi ikajitokeza mbele, maji yake yameingia bara kama ulimi. Alipoifikia njia yake akaweka arobaini na mbili. Pua ilitazama baharini, lakini ndege ikafuata pwani moja kwa moja, kama mtu apitaye barabarani huku uso kautupa dukani. Bahari ilibaki pale pale chini ya bawa, haiji wala haiendi.

"Ndiyo hiyo," alisema Kapteni. "Tugeuze turudi. Muda wetu umeliwa na mbuzi."

Walipotua, Nabiha hakuthubutu kuuliza habari za saini. Kapteni alimwambia mwenyewe.

"Kesho tena, saa ile ile. Nitakaa kimya hadi Malindi. Nikilazimika kusema neno moja, huendi peke yako mwezi huu."

"Hata mbuzi?"

"Hasa mbuzi."

Alipofika nyumbani alasiri, Bibi alikuwa na simu sikioni.

"Shangazi yako Jana asema wamekuona!" alisema Bibi. "Ndege kubwa nyeupe, mashallah. Wamepunga shuka, nawe ukawapungia dirishani."

"Bibi, hiyo ilikuwa ya watalii kutoka Nairobi. Mimi niliishia Kilifi."

Bibi akafunika simu kwa kiganja. "Kwani watalii si watu? Wameshapungiwa, mwache Jana afurahi."

Nabiha akaitandaza karatasi ya asubuhi. "Bibi, uliigusa hii nilipokwenda kufungua mlango?"

"Karatasi, la. Kisu nilikigeuza. Ncha ilikuwa yamtazama Firoza tumboni. Mgeni aniletea mahamri nami namwelekeza kisu?"

Nabiha alifumba macho. Alitaka kukasirika, lakini kichwa cha mshale kilikuwa cha mkono wake, na simu yenye namba ilikuwa mkononi mwake vilevile. Akacheka mpaka Jana akasikika kwenye simu akiuliza kuna nini.

Kabla ya magharibi aliweka karatasi mpya sakafuni. Safari hii alikuwa na rula, aliyoinunua Makadara akirudi. Akachora njia ya Malindi, akaandika digrii zake, akapima urefu wake mara mbili. Pembeni akaandika kwa herufi kubwa: UNATOKA WAPI? UNAKWENDA WAPI?

Kisha akaiweka penseli chini.

"Mbona waacha?" aliuliza Bibi. "Hiyo si pembetatu, ni fimbo."

"Upepo wa kesho haujulikani mpaka kesho, Bibi. Nitausoma alfajiri, nichore mistari iliyobaki."

Bibi akaitazama karatasi, kisha mlango, kisha zulia.

"Na Firoza nitamketisha wapi?"

"Jikoni," alisema Nabiha. "Pamoja na kisu."