Mbuzi Sita na Akaunti ya Dada Ramula

Mimi Madinah nakiri, kwa heshima zote zinazostahili, kwamba niliwapandisha mbuzi sita cheo wakawa binadamu.

Nilikuwa nimerudi likizo nyumbani Nalufenya kutoka shule ya bweni ya Mbale. Dada yangu Ramula alikuwa akifanya kazi sebuleni. Kampuni ya ng'ambo ilimtumia picha za barabara kwenye kompyuta, naye alichora kisanduku kuzunguka kila gari, pikipiki na mpita njia, kisha akakipa jina, ili magari yasiyo na dereva yajifunze kutazama. Picha moja ilimpa shilingi mia. Kwa mia hizo nililipiwa karo.

Adhana ya alasiri ikasikika wakati picha bado zinamiminika. Kila picha ilikuwa na dakika zake. Ukichelewa, anapewa mtu mwingine.

"Naenda kuswali," Dada alisema. "Wewe sogeza kipanya tu, skrini isilale. Usiguse kingine."

"Na mbuzi akipita?"

"Mbuzi ni mnyama. Hivi Mbale huwa mnasoma nini?"

Nilitaka acheke. Kila mbuzi nilimwandika mpita njia, na picha ilipokwisha nikaituma, maana bila kutuma haiji nyingine. Dada aliporudi nikamweleza. Hakucheka.

"Wanachanganya picha za mtego," alisema. "Majibu yake wanayo tayari. Ndivyo wanavyotupima."

Asubuhi akaunti ilikuwa imefungwa: usahihi umeshuka. Aliruhusiwa rufaa moja.

"Niandike kwamba mtandao ulisumbua?" aliuliza.

Hapo nikatoa hekima ya bweni. Kwetu, anayekiri kabla matroni hajauliza hupunguziwa adhabu. Nimenufaika na kanuni hiyo mara tisa.

"Sema kweli, Dada. Sema ni mimi."

Alinitazama kidogo, kisha akanipa kiti. Niliandika barua nzuri, yenye toba na aya tatu.

Jibu lilikuja baada ya dakika mbili. Hakuna matroni anayesoma haraka hivyo. Akaunti ilikuwa imetumiwa na mtu asiye mwenyewe, kinyume cha masharti. Imefungwa daima, na kazi ya wiki mbili ambayo haijalipwa haitalipwa. Dada alijibu barua ile. Ikarudi: anwani hii haipokei ujumbe.

Sasa anachora visanduku kwa akaunti ya Muzafaru wa Mafubira, anayekata nusu ya malipo. Hilo nalo linakatazwa, lakini Muzafaru hajawahi kukiri chochote maishani mwake, na akaunti yake inanawiri.

Shule ilifunguliwa Jumatatu. Wenzangu walipanda gari la Mbale. Mimi nilibaki nikiosha vyombo.

"Dada, nigombeze basi," nilimwambia.

"Nikugombeze nini? Ni mimi niliyekupa kiti."

Akaendelea kuchora. Afadhali angenigombeza.